Mvi, Makunyanzi na Mjukuu: Hatua Nne na Malengo Manne ya Maisha kwa Wahindu

Sura ya sita ya Sheria za Manu, kitabu cha kale cha Kisanskriti kinachopanga wajibu wa Mhindu, inaanza kwa kumpa mwanamume mwenye kaya dalili tatu za kuangalia. Ngozi ikianza kukunjamana, nywele zikiota mvi, na mtoto wa mtoto wake akishazaliwa, basi wakati wake wa kuhamia msituni umewadia. Aache chakula cha mjini na mali zake zote. Mkewe amkabidhi kwa wanawe, au wafuatane.

Dalili hizi ni za mwilini na za nyumbani, hazihesabiwi kwa kalenda. Nazianzia kwa sababu mtu akitaka kujifunza habari za maisha ya Kihindu leo, kitu cha kwanza anachoonyeshwa huwa ni jedwali: miaka mia moja imegawanywa mafungu manne ya miaka ishirini na mitano. Fungu la kwanza ni la mwanafunzi, la pili ni la mwenye kaya, la tatu ni la mkaa msituni, la nne ni la mtu aliyeipa dunia kisogo. Pembeni mwa kila fungu limeandikwa lengo lake la maisha. Jedwali hilo linapendeza na ni rahisi kulikariri, lakini linaficha ugomvi wa karne nyingi. Asiyeujua ugomvi huo atashindwa kuelewa kwa nini vitabu vya Kihindu vinamsifu mtu anayelea watoto wake, kisha ukurasa wa pili vinamsifu anayewaacha.

Tuzitaje kwanza kwa majina yake. Hatua moja ya maisha huitwa ashrama. Mwanafunzi yuko katika brahmacharya: anaishi kwa mwalimu wake, anajifunza Veda, maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu, kwa kukariri, anaomba chakula nyumba kwa nyumba na hamgusi mwanamke. Grihastha ni mwenye kaya: ameoa, ana watoto, anatunza moto wa ibada nyumbani, anakirimu wageni. Vanaprastha ni mkaa msituni: anakula matunda na mizizi, anaendelea na ibada za moto, anautesa mwili wake polepole. Wa mwisho ni sanyasi. Huyu hana moto, hana nyumba, na mara nyingi hana hata jina alilopewa na wazazi wake.

Malengo manne nayo huitwa purushartha, yaani yale ambayo mwanadamu anayatafuta. Dharma ni wajibu na mwenendo sahihi, ambao hutofautiana kwa mtu na mtu kulingana na ukoo, umri na nafasi yake. Artha ni mali, cheo na uwezo wa kujiendesha duniani. Kaama ni matamanio na raha: mapenzi, muziki, chakula kitamu, manukato. (Wengi huliandika “kama”, ila mimi nitaongeza herufi ili msomaji wa Kiswahili asiyumbe.) Moksha ni kufunguliwa: kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa upya.

Sasa turudi kwenye lile jedwali la miaka ishirini na mitano. Manu mwenyewe anasema kweli kwamba robo ya kwanza ya umri iwe ya mwalimu na robo ya pili iwe ya nyumbani. Lakini anapotoa hesabu, hesabu zake hazikai ndani ya robo hizo. Mtoto wa Kibrahmini, yaani wa tabaka la makuhani, anavishwa uzi mtakatifu na kuanza masomo katika mwaka wa 8, ukihesabu tangu mimba yake ilipotungwa. Masomo ya Veda tatu ni miaka 36, au nusu yake, au robo yake, au mpaka atakapozishika. Chukua ile ya 36: kijana huyo anarudi kwao akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, ndipo aoe. Akichukua robo, yaani miaka 9, anarudi kabla hajafika ishirini. Huyo wa kwanza akingoja mvi, makunyanzi na mjukuu, mvi zitatangulia mbali kabla mjukuu hajaonekana. Kwa hiyo robo za Manu ni lugha ya mpangilio tu. Ile namba ya ishirini na mitano imetokana na watu wa baadaye waliozigawa mia moja kwa nne.

Lakini hilo la umri ni dogo. Jambo zito ni kwamba hatua hizi hapo mwanzo hazikuwa hatua.

Katika vitabu vya sheria vilivyomtangulia Manu, vile vya kina Apastamba, Gautama na Baudhayana, ashrama nne zinatajwa kama njia nne alizofunguliwa kijana aliyemaliza masomo. Akitaka anaoa. Akitaka anabaki kwa mwalimu wake maisha yake yote. Akitaka anakwenda msituni, au anatoka moja kwa moja kuwa mtu wa kuzurura na bakuli. Anachagua moja na kubaki nayo mpaka kufa. Mtaalamu wa Kisanskriti Patrick Olivelle, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu mfumo huu, alionyesha kwa makini kwamba kuzipanga zifuatane kama vidato vya shule kulikuja baadaye.

Na hata hizo njia za kuchagua hazikupokewa na wote. Gautama, baada ya kuzieleza zote nne, anamaliza kwa kusema kwamba walimu wanaitambua moja tu, ile ya mwenye kaya, kwa kuwa ndiyo iliyoamriwa waziwazi na Veda. Baudhayana anakwenda mbali zaidi. Anasema mgawanyo huu ulibuniwa na Kapila, mwana wa Prahlada, ambaye ni asura, yaani adui wa miungu, kwa nia ya kushindana nayo, na mwenye hekima asiujali. Ndiyo kusema kwamba mfumo ambao leo unafundishwa kama uti wa mgongo wa maisha ya Kihindu, mmoja wa wanasheria wake wa kwanza aliuita hila ya adui wa miungu.

Chuki hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye deni. Andiko la Veda linasema Mbrahmini anazaliwa akiwa na madeni matatu: anadaiwa masomo na wahenga walioipokea Veda, anadaiwa sadaka na miungu, na anadaiwa mtoto wa kiume na mababu zake. Mababu wanaishi kwa matambiko yanayofanywa na mwana. Asiyezaa anakata mnyororo, na wafu wake wanabaki na njaa. Sasa fikiria jamii inayoamini hivyo inapoona vijana wenye afya wananyoa vichwa, wanazima moto wa nyumbani na kwenda zao porini. Siddhartha wa ukoo wa Shakya, ambaye dunia inamfahamu kama Buddha, kwa masimulizi ya wafuasi wake aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akimwacha mke na mtoto mchanga. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao walikuwa na watu wao wa namna hiyo. Hata ndani ya Uhindu kulikuwa na waliosema hakuna sababu ya kungoja. Upanishadi ya Jabala, moja ya maandiko ya Kihindu yanayojadili roho na kufunguliwa, inatamka kwamba siku ile ile mtu anapoichoka dunia, siku hiyo hiyo aondoke, awe mwanafunzi, awe mwenye kaya.

Serikali pia iliingiwa na wasiwasi. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, kinaagiza kwamba mtu anayeikimbia dunia bila kuwaachia mke na watoto wake riziki apigwe faini. Mwandishi wake hakuwa anajadili roho. Alikuwa anajiuliza nani atawalisha wale watoto.

Manu alisikia pande zote mbili akazisuluhisha kwa kutumia wakati. Hakumkatalia mtu kuiacha dunia, alimwambia angoje. Alipe kwanza madeni matatu, ndipo aelekeze moyo wake kwenye moksha, na anayeitafuta moksha kabla ya kulipa anaporomoka. Mjukuu kwenye ule mstari wa mwanzo ndiye risiti ya deni la mababu: ukoo umekwisha kuvuka kizazi kingine. Kwa maoni yangu hakuna hoja nzuri kuliko hii katika kitabu kizima. Inamruhusu mtu kuondoka, kwa sharti kwamba asiache pengo nyuma yake.

Malengo manne yana historia inayofanana na hiyo. Maandiko ya zamani yanazungumzia fungu la matatu, trivarga: dharma, artha na kaama. Manu katika sura ya pili anaorodhesha maoni ya watu, wengine wakisema kheri iko katika dharma na artha, wengine kaama na artha, wengine dharma peke yake, wengine artha peke yake, kisha anakata shauri kwamba ni yote matatu pamoja. Moksha haimo kwenye orodha hiyo. Iliongezwa juu baadaye, na haifanani na wenzake. Matatu ya kwanza yanamsaidia mtu kuishi vizuri duniani. La nne linamtoa humo.

Mahali ninapopapenda zaidi katika suala hili ni kwenye Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Kisanskriti, katika kitabu cha kumi na mbili, Shanti Parva. Vita vya Kurukshetra vimekwisha. Yudhishthira, mkubwa wa ndugu watano wa Pandava, ameshinda, lakini ushindi wake umejaa maiti za jamaa zake. Amekwisha kutaka mara moja kutupa ufalme na kwenda msituni, na ndugu zake pamoja na mke wao Draupadi wakamzuia kwa maneno makali. Jioni moja anakaa na ndugu zake wanne na Vidura, ami yao mwenye busara, anawauliza: kati ya dharma, artha na kaama, lipi ni zito kuliko mengine, lipi ni la katikati, lipi ni la chini? Angalia kwamba ameuliza juu ya matatu tu.

Vidura anaanza. Dharma ndiyo bora, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia ulimwengu. Artha ni ya katikati, kaama ya chini. Ni jibu la mzee, na hakuna anayeshangaa.

Arjuna, mpiga upinde, hakubali. Anasema dunia hii ni uwanja wa kazi: kilimo, biashara, mifugo, ufundi. Vyote hivyo ni artha, na bila artha hakuna dharma wala kaama. Mtu asiye na kitu hawezi kutoa sadaka wala kumkirimu mgeni. Mapacha Nakula na Sahadeva wanajaribu kupatanisha. Mali iliyochumwa kwa haki, wanasema, ni kama asali iliyochanganywa na maji ya uzima, kwa hiyo mtu aanze na dharma, afuate artha, amalizie kaama.

Kisha anasema Bhima, ndugu mwenye nguvu na tumbo kubwa, na hotuba yake ndiyo iliyonifanya niache kulidharau lengo la tatu. Asiye na hamu, anasema, hatafuti mali. Asiye na hamu hatafuti hata dharma. Wale wahenga waliokaa msituni wakila majani na kushindia upepo, ni hamu iliyowapeleka huko. Wafanyabiashara, wakulima, wachungaji, mafundi, wote wanasukumwa nayo. Kaama ni mafuta na mengine ni mashudu. Kaama ni samli na mengine ni maziwa yaliyokwisha kusukwa. Ua na tunda ni bora kuliko mti wenyewe. Hoja yake haikatiki kwa urahisi, kwa sababu hata anayeitafuta moksha, anaitaka.

Yudhishthira anawasikiliza wote, halafu anajibu kwa lile ambalo hakuliuliza. Anasema mtu asiyeshikwa na wema wala na uovu, asiyeshikwa na mali wala dharma wala kaama, ambaye kwake udongo na dhahabu ni sawa, huyo ndiye aliyefunguliwa na furaha na huzuni. Jibu lake halikai kwenye ngazi moja na majibu ya wenzake. Hapo ndipo tatu-na-moja inapoonekana kwa macho, na mshairi hasemi nani alishinda. Yudhishthira alishika moksha kwa maneno, kisha akaendelea kutawala.

Sababu ya kuendelea iko kwa Manu pia. Katika sura ya tatu anasema kwamba kama viumbe vyote vinavyoishi kwa hewa, ndivyo ashrama nyingine zinavyoishi kwa mwenye kaya. Hilo ni kweli kabisa kwa maana ya sufuria na moto. Mwanafunzi anaomba chakula, na sanyasi anaomba chakula, mara moja tu kwa siku. Saa yake imeelezwa kwa maneno ambayo yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye kinu atayaelewa: aende wakati moshi haupandi tena, mchi umenyamaza, makaa yamezimika, watu wamekwisha kula na sahani zimeondolewa. Asiwe mzigo kwa mtu. Lakini lazima pawepo mahali palipokuwa na moshi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vingi vya utangulizi hulipitia mbio. Mpango huu wote uliandikwa kwa ajili ya wanaume wa matabaka matatu ya juu, Brahmini, Kshatriya na Vaishya, wale waliovishwa uzi. Shudra, mtu wa tabaka la nne, hakuruhusiwa masomo ya Veda, kwa hiyo mlango wa kwanza ulikuwa umefungwa kwake. Kuhusu mwanamke, Manu anasema ndoa ndiyo kuvishwa uzi kwake, kumtumikia mume ndiko kuishi kwa mwalimu, na kazi za nyumbani ndiyo ibada yake ya moto. Hatua nne za mume zimefinywa kuwa moja kwa mke. Walikuwepo wanawake waliojitenga na dunia, na Upanishadi ya Brihadaranyaka inamwonyesha Maitreyi akimwuliza mumewe Yajnavalkya, anayejiandaa kuondoka, kama mali ya dunia yote ingempa kutokufa. Alipojibiwa hapana, akasema basi hana haja nayo, afundishwe kile anachokijua mume. Lakini aliyekuwa anaondoka ni mume, na sheria haikuwahi kumpangia mke njia ya namna hiyo.

Kati ya hatua nne, ya tatu ndiyo iliyokufa kwanza. Maandiko ya zama za kati yana orodha ya mambo yaliyokuwa halali zamani lakini hayafai katika zama hizi za Kali, yaani zama za mwisho zilizoharibika, na ashrama ya mkaa msituni imo kwenye orodha hiyo, jirani na safari za baharini. (Katazo la bahari halikuwazuia wafanyabiashara Wahindu wa Kachchh na Gujarati kufika Unguja kwa majahazi, katika karne ya 19 forodha ya Sultani ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kachchh.) Kwa wengi, vanaprastha imebaki kuwa hali ya moyo: mzee anakabidhi funguo za duka kwa mwanawe, anapunguza maneno, anakwenda kuhiji Kashi au Haridwar.

Sanyasi haikufa. Anayeiingia kwa taratibu kamili huyaaga maisha kiibada na kujifanyia mwenyewe matambiko ya wafu. Ndiyo maana akifariki mara nyingi huzikwa na hachomwi moto kama wengine, kwani moto wake alikwisha kuuacha. Sheria ya nchi inalitambua jambo hili. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 13, inamruhusu mwanandoa kuomba talaka ikiwa mwenzake ameikana dunia kwa kuingia katika utawa. Wasiwasi wa Arthashastra juu ya mke aliyeachwa umehamia mahakamani.

Wapo pia waliozichanganya ashrama. Mwaka 1906, huko Natal, Afrika Kusini, Mohandas Gandhi aliweka nadhiri ya brahmacharya akiwa na miaka 36, mume wa Kasturba na baba wa watoto wanne wa kiume. Hakurudi shuleni wala hakwenda msituni. Alichukua kiapo cha hatua ya kwanza akakiweka katikati ya hatua ya pili, kwa sababu, kwa maelezo yake, hakuona namna ya kuutumikia umma kwa moyo wote huku akiendelea kuongeza familia. Kwa jedwali la miaka ishirini na mitano hilo ni kosa. Kwa mtu anayejua kwamba ashrama zilianza kama njia za kuchagua, si ajabu sana.

Na Yudhishthira? Baada ya vita, Dhritarashtra, ami yake kipofu aliyepoteza wanawe mia moja, alikaa kwenye jumba la mshindi miaka 15. Ndipo akaomba ruhusa ya kwenda msituni, akafuatana na mkewe Gandhari. Kunti, mama wa Pandava, akaenda nao, ingawa wanawe walimlilia abaki. Baadaye msitu uliwaka, nao hawakukimbia. Ilikuja kujulikana kwamba moto ule ulitokana na moto wa ibada wa mzee mwenyewe, ambao makuhani walikuwa wameuacha porini.

Yudhishthira alitawala mpaka mwaka wa 36. Kisha akamkalisha kwenye kiti Parikshit, mjukuu wa ndugu yake Arjuna, wakavaa magome ya miti yeye na ndugu zake wanne na Draupadi, wakaanza kutembea kuelekea mashariki, na mbwa mmoja akawafuata.